Mikokoteni Ambayo Sikuwa Nayo

Mimi si mtu wa uongo. Sijisifu, ni upungufu tu, kama wa mtu asiyejua kupiga mluzi. Seminari ndogo walinifukuza kwa sababu hiyo. Padri mkuu alituuliza nani kati yetu anapenda wali wa Jumapili kuliko misa ya Jumapili, nikanyoosha mkono. Wenzangu arobaini walitazama chini. Wengi wao walikuja kuwa mapadri, mimi nikarudi kwetu kwenye milima ya juu ya Kashuga nikiwa na Kifaransa kingi na bila kazi.

Mama yangu hakunikasirikia. Aliwaambia majirani, "Ule mutoto wangu hajue bongo," yaani hajui uongo, na alilisema neno hilo kwa majivuno, kama mwingine anavyomsifu mwanawe kwa nguvu za kulima. Baba alisema tu kwamba kweli haipikwi ikaliwa. Tulikuwa watu wa maharage na viazi, tulilima mteremko mkali ambapo mwanamke anaweza kudondosha jembe asubuhi akaliokota bondeni jioni. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshachoka na mteremko huo. Aliondoka kwenda Walikale kutafuta kazi kwenye machimbo, mwaka wa kwanza akatutumia kitambaa na salamu, kisha kimya.

Kazi niliipata kwa mzungu mmoja mzee aliyekuwa na shamba la pareto upande wa pili wa bonde. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu. Kila siku baada ya chakula cha mchana nilikaa kwenye kigoda mbele ya kiti chake cha kulala, nikamsomea. Ujana wake aliumaliza Indochina, na huko alinunua vitabu vilivyokuja naye hadi Masisi, vikaliwa na mende kando kando. Alikuwa haendi kanisani, jambo lililowatisha watu kuliko ukali wake. Nikikosea kutamka alipiga ubao wa kiti kwa pete yake, nami nilirudia sentensi. Nilikuwa na hasira za haraka siku zile, kwa hiyo tulipatana vizuri: yeye alipiga pete, mimi nilinuna, kazi iliendelea.

Kitabu alichokipenda kuliko vyote kilikuwa mafundisho ya Buda, mwalimu wa zamani wa India, yale yanayoitwa ya yungiyungi, lile ua linaloota kwenye tope na kuchanua juu ya maji. Na ndani ya kitabu hicho alitaka sura moja tu. Niliisoma labda mara thelathini.

Inasema hivi. Kulikuwa na mzee tajiri, mali zake hazina hesabu, mwenye nyumba kubwa kuukuu. Nguzo zimeoza chini, udongo unabanduka ukutani, na mlango ni mmoja tu, mwembamba. Siku moja moto unawaka pande zote kwa pamoja. Yule mzee anaweza kutoka salama, lakini watoto wake wamo ndani, wanacheza. Hawaogopi. Si kwamba ni wabaya, hapana. Hawajui moto ni kitu gani, hawajui nyumba ni kitu gani, hawajui kuungua ni nini. Kwanza mzee anafikiri: nina mikono yenye nguvu, niwakumbatie wote pamoja niwatoe. Lakini mlango ni mwembamba, na watoto watatawanyika. Kisha anawaambia ukweli: tokeni, nyumba inaungua. Wanamtazama, wanakimbia huku na huku, wanaendelea kucheza. Hapo ndipo anakumbuka kila mmoja anapenda nini. Anapaza sauti: nje ya mlango kuna mikokoteni ya kuchezea, mingine inavutwa na mbuzi, mingine na paa, mingine na ng'ombe, njooni kila mtu achukue anaoutaka! Watoto wanatoka wakisukumana, kila mmoja anataka awe wa kwanza.

Wakishakaa nje salama, wanadai. Baba, iko wapi mikokoteni uliyotuahidi? Wala hakuna wa mbuzi, hakuna wa paa. Mzee anampa kila mtoto, bila kubagua, mkokoteni mmoja wa namna moja: mkubwa, mrefu, umepambwa kwa vito, una kingo na kengele na mito ya kukalia, unavutwa na ng'ombe weupe wenye mbio za upepo. Kwa nini? Anasema moyoni: mali yangu haina mwisho, na hawa wote ni watoto wangu, nitawapaje vitu vidogo?

"Sasa," mzungu alisema, "swali."

Swali ni lile ambalo Buda mwenyewe anamwuliza mwanafunzi wake mwenye akili kuliko wote: je, yule mzee alisema uongo? Na mwanafunzi anajibu: hapana, Bwana. Hata kama asingewapa mkokoteni hata mmoja, hata ule mdogo kabisa, bado asingekuwa mwongo, kwa sababu nia yake tangu mwanzo ilikuwa kuwatoa hai, na uhai wao ni zaidi ya vitu vyote vya kuchezea. Buda anamwambia: vema, ndivyo ilivyo.

Hapo nilikuwa nafunga kitabu kwa nguvu. Mapadri walikuwa wamenifundisha kwamba uongo ni uongo, hata ukiokoa dunia nzima. Mzungu alicheka hasira yangu. Alinieleza polepole, maana hakuwa mtu mbaya. Nyumba ile ni dunia hii tunayozaliwa na kufa ndani yake, alisema. Moto ni uzee, ugonjwa, kilio, tamaa, na sisi tunacheza humo. Buda alikuwa amewafundisha watu njia tatu. Moja ya wale wanaosikiliza mafundisho ili wapate kutulia. Ya pili ya wale wanaojiamsha peke yao, bila mwalimu. Ya tatu ya wale wanaokataa kutulia mpaka wamewaokoa na wengine wote. Kila mtu aliitwa kwa anachokipenda. Halafu uzeeni akawaambia: njia ni moja tu, na ni kubwa kuliko zile zote, nyote mtakuwa kama mimi. Wanafunzi wakashtuka. Walijiuliza kama mwalimu wao aliwadanganya miaka yote ile. Ndiyo sababu akawapa mfano wa nyumba. Ufundi huo wa kumwambia kila mtu neno linaloweza kumtoa, alisema mzungu, ndio huruma yenyewe ikiwa na akili. Niliuita kwa Kiswahili changu ufundi wa njia.

"Na mtoto aliyeahidiwa mkokoteni wa ng'ombe?" nilimwuliza. "Yeye alipewa wa ng'ombe. Huyo hakudanganywa."

Alipiga pete kwa furaha. Akasema hata wasomi wa China waligombana juu ya jambo hilo hilo: wengine walisema mikokoteni ilikuwa mitatu, na ule wa ng'ombe ndio uliotolewa kwa wote; wengine walisema ni minne, kwa kuwa ule mkubwa haukuwamo katika ahadi. Mimi nilibaki nikishangaa ng'ombe wa kuvuta mzigo. Wafugaji wa kwetu juu wangesikia hivyo wangemtafuta yule mzee kwa fimbo.

Baba alikufa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, wakati wa mvua kubwa. Alikuwa ameugua miaka miwili, miguu imevimba, na hadi siku ya mwisho aliuliza kama kaka ametuma neno. Tulimzika upande wa chini wa nyumba, kwenye migomba. Tulikuwa Wakristo, katekista alikuja akaomba, lakini kilio tulikifanya kama wazee wetu walivyokifanya. Kwa desturi yetu mjane hakutoka nje ya nyumba ya kilio kabla ya siku ya kunyolewa, ila kwa haja zake, na tena kwa kusindikizwa. Akitoka kabla ya siku hiyo amemkimbia mume wake, na ugonjwa utakaoingia katika ukoo utakuwa wa mkono wake. Mlinzi wa desturi alikuwa baba mdogo, yaani ndugu mdogo wa baba yangu. Alikaa mlangoni na fimbo yake.

Siku ya nne ya kilio mvua ilikuwa haijakatika. Majirani walikuwa wamerudi kwao. Ndani walibaki mama, baba mdogo, na watoto watatu wa dada yangu, ambaye alibaki kwa mumewe kwa kuwa alikuwa amejifungua juzi yake na hakuweza kutembea. Mimi nilitoka mchana kukata kuni, nikapanda juu ya nyumba, na katika shamba la viazi nikaona ardhi imepasuka. Ufa ulikata mteremko mzima, kutoka kwenye miti ya mikaratusi hadi korongoni. Niliingiza mkono wangu ukazama hadi kwenye kiwiko. Miti yenyewe ilikuwa imeinama kuelekea chini, yote pamoja, na chemchemi yetu, iliyokuwa safi hata wakati wa masika, ilitoa maji ya rangi ya udongo. Kila mtu wa milima ya Masisi anajua hiyo ni nini: mlima unataka kuporomoka.

Nilishuka mbio. Niliingia nikamnyanyua mtoto wa kwanza niliyemkuta, nikajaribu kumshika na wa pili. Mlango wetu ulikuwa wa chini, mtu hupita akiinama, na mtu mwenye watoto wawili wanaopiga mateke hawezi kuinama. Mmoja aliniuma. Wote wawili wakanitoka wakajificha nyuma ya mama.

Basi nikasema ukweli, kwa kuwa huo ndio nilioujua.

"Mulima unakuya," nilisema. "Nimeona ufa. Tutoke wote, sasa hivi."

Baba mdogo hakusimama hata. "Ule ufa iko pale tangu zamani. Baba yangu aliuona, na babu yake aliuona. We unataka kutoa mujane mu kilio juu ya ufa?"

"Baba mudogo, maji ya chemchemi yamekuwa matope!"

"Ni mvua. Mvua inaleta matope. Kule seminari hawakukufundisha ile?"

Watoto walicheka. Walikuwa wanacheza mchezo wa mbegu kwenye mashimo sakafuni, wakarudi kwenye mchezo wao. Mama alikuwa amekaa juu ya majani ya migomba pembeni, kichwa kimefunikwa. Alinitazama, akamtazama baba mdogo, hakusema. Mjane hasemi kwa sauti kabla ya siku yake.

Ningependa kuandika kwamba wakati ule niliwaza huruma. Ukweli ni kwamba niliwaza kile kitabu, na nilikiwaza kwa hasira. Nilijiambia: mikono imeshindwa, ukweli umeshindwa, yule mzee wa India alifanya nini baada ya hapo? Nikatoka nje, nikasimama kwenye mvua hesabu ya pumzi kumi, nikarudi ndani kama mtu anayetoka barabarani.

Kwa watoto nilisema kwamba mzungu wangu ameleta sukari kwenye gari lake, iko chini barabarani, sukari ya mabonge, na mvua inaiyeyusha. Hawakungoja nimalize.

Kwa baba mdogo nilisema kwamba mjumbe wa chefu, yaani chifu wetu, yuko barabarani na karatasi ya shamba lake la kando ya mto, lile ambalo mzungu alilizungushia miti ya mpaka, na kwamba karatasi inamrudishia yeye, lakini mjumbe hatapanda mlima kwa mvua hii, anataka kidole gumba cha baba mdogo kabla hajaondoka. Alikuwa ameomba shamba hilo miaka minane. Niliona uso wake ukibadilika, na nikajichukia.

Akasema, "Mama abaki."

Mama alibaki amekaa. Basi nikainama mbele yake. Nilikuwa sijawahi kumdanganya hata kuhusu kipande cha nyama. Nilimtaja kaka yangu, yaya kwa maneno ya kwetu: "Mama, yaya amerudi. Ametoka Walikale. Iko mugonjwa, hawezi kupanda. Amelala kule chini ku barabara, anakuita."

Aliniangalia machoni. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia, na mimi sikuangalia pembeni. Kisha alivua kile kitambaa cha kilio kichwani, akasimama, akampita baba mdogo mlangoni bila neno. Baba mdogo alifungua mdomo kumkataza, lakini mama wa mtoto mgonjwa ni mtu gani atamzuia? Tulishuka wote. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Tulikuwa tumefika barabarani, watoto wanazunguka kutafuta gari, wakati mlima ulipotoa sauti. Haikuwa kubwa kama nilivyotegemea. Ilikuwa kama mtu anayeburuta magunia mengi sakafuni. Mikaratusi ilishuka ikiwa imesimama wima, nyumba yetu ikageuka kidogo upande, kisha hapakuwa na nyumba, hapakuwa na migomba, hapakuwa na kaburi la baba yangu. Mbuzi wanne walikuwa ndani ya zizi.

Mtoto mdogo kuliko wote aliuliza, "Sukari iko wapi?"

Nilisema haipo. Akalia, na wenzake wakalia naye, na nadhani hawakulilia sukari tena, ila neno walilokuwa nalo lilikuwa hilo. Baba mdogo alitazama barabara juu na chini. "Mujumbe?" Nikasema hayupo. Alikuwa mzima, matone ya mvua yanamtiririka puani, nyumba aliyokuwa ameketi mlangoni mwake imekwenda, na maneno yaliyomtoka yalikuwa haya: "Umetutoa mu kilio na bongo." Hasira ilinipanda nikataka kumpiga. Kisha niliona anatetemeka, na ile hasira ikageuka aibu.

Nilimgeukia mama ili na yeye adai chake. Hakudai. Alikuwa anatazama pale nyumba ilipokuwa. Hakutazama barabara hata mara moja.

Tulilala kwenye banda la kukaushia pareto. Kesho yake mzungu alinisikiliza mpaka mwisho, na ukungu wa macho yake ukawa na machozi. "Umefanya alichofanya baba wa mfano," alisema. "Neno kwa neno. Nguvu, ukweli, kisha ahadi, kwa kila mmoja kwa kadiri ya moyo wake."

"Baba wa mfano alikuwa na mikokoteni," nilimjibu. "Alikuwa tajiri. Mimi ni maskini niliyeazima ujanja wa tajiri."

"Mwanafunzi alisema, hata asingetoa hata mmoja..."

"Mwanafunzi hakuwa mmoja wa wale watoto waliosimama nje wakingoja!"

Nilikuwa sijawahi kumpigia kelele. Hakupiga pete. Akaamuru wapeleke sukari kwa watoto, kilo mbili nzima, zaidi ya nilivyoahidi. Nikamwambia kuna na shamba la kando ya mto. Nilisema wazi: wewe mali yako haina mwisho, na unaipenda sura hii. Alisema shamba ni jambo jingine, lina hati, lina mpimaji, si la kuzungumza kwenye kiti cha kulala. Akamtumia baba mdogo jembe jipya na blanketi. Baba mdogo alivipokea, maana alikuwa hana kitu, lakini kuanzia siku hiyo hakuniita tena mwanangu.

Kwa padri nilikwenda kuungama. Alinipa rozari moja, akasema dhambi ni ndogo, nisirudie. Nilitamani dhambi yangu iwe kubwa zaidi, ili ilingane na nilivyojisikia. Kwa sababu mama alikuwa bado haulizi. Wiki ikapita. Alinyolewa kwenye banda la watu, kilio kikaondolewa ovyo ovyo, wanawake wengine wakasema kwa chini kwamba alimkimbia mume wake. Alilima kwenye kipande alichoazimwa, akapika sombe ya majani ya muhogo, akanipa sahani. Hakusema, yaya wako yuko wapi? Kila alivyonyamaza niliona nimemdanganya upya. Watoto wa mfano walidai mikokoteni, na kudai kwao ndiko kulikompa baba nafasi ya kutoa. Mtu asiyedai utampa nini?

Nikaamua kuufanya uongo wangu uwe kweli. Nilimwambia nakwenda Walikale kumleta kaka.

"Usiende," alisema. "Mimi sikuuliza."

"Najua hukuuliza, mama. Njo maana ninaenda."

Alinitazama kwa huzuni ambayo niliisoma vibaya. Akanifungia viazi vya kuchemsha kwenye jani.

Nilitembea hadi Masisi mjini, nikateremka msituni, siku ya tatu nikalala Kibua kwa mzee mmoja aliyenipa ndizi na kunionya juu ya tope. Mtu wa milimani akiingia msitu ule hukosa hewa. Jua halipo, na kila kitu kina maji. Nikapata lori lililokwenda machimboni, nikapakiwa juu ya mapipa. Kule niliuliza kambi moja baada ya nyingine kwa siku mbili. Wa tatu kuulizwa siku ya pili alikuwa mwanamume mwenye jicho moja, aliyelala kitanda jirani na kaka yangu mwaka mzima. Aliniambia nikae kwanza. Kaka alikufa kwa homa, haikuchukua wiki. Miaka miwili ilikuwa imepita.

"Tulituma neno mara mbili, na bale bantu ya kubeba mizigo," alisema. "Hatujue kama lilifika."

Alinionyesha mahali. Majani yalikuwa yameshafunika, nikayang'oa kwa mikono, nikakaa. Nililia kidogo. Muda mrefu zaidi nilikaa nikifikiri nitakachomwambia mama, na hapo ndipo nilipoanza kuharibika. Nilijiambia: ana nyumba mpya inayoungua, nayo ni majonzi. Amempoteza mume, nyumba, heshima kwa wanawake wenzake. Nikimwambia na hili, ataungulia ndani. Nimtoe kwa neno tamu. Baadaye nitaona la kumpa. Siku zote tano za kurudi nilipanga maneno hayo, na yalipangika vizuri, na mimi, mtu wa wali wa Jumapili, nilishangaa jinsi kazi ya uongo inavyokuwa rahisi mtu akishaipa jina zuri.

Nilimkuta anachambua maharage mbele ya kibanda chetu kipya, mchana. Alinipa maji. Nilikunywa, nikakaa chini, nikaanza. Nilisema kaka yuko mzima. Nilisema amepata mke kule, mtu wa Walikale, na mtoto wa kike aliyepewa jina la mama. Nilisema wakubwa wa kazi hawampi ruhusa bado, lakini anasalimia sana, na wakati wa kiangazi...

Mama aliweka ungo chini.

"Mutoto wangu," alisema, "bongo ya kwanza ilinitoa mu nyumba. Hii ya pili inataka kunitoa wapi?"

Yeye hakukasirika, na hilo liliniumiza kuliko fimbo. Alisema neno la kifo cha kaka lilimfikia kwa wabebaji. Lilifika wakati baba amelala na miguu imevimba, akiuliza kila asubuhi kama kijana wake ametuma salamu. Mama aliogopa habari ile ingemzima siku hiyo hiyo. Basi aliimeza. Kila asubuhi alimwambia baba bado, labda mwezi ujao, na mchana alikwenda kulia shambani akiwa ameinama juu ya jembe ili watu wadhani analima. Miaka miwili alimlilia mwanawe bila kilio, bila mtu wa kukaa naye.

"Sasa siku ile," nilisema, "nilipokuambia yaya iko ku barabara, ulijua?"

"Nilijua amekufa. Nitakosa kujua?"

"Juu ya nini ulitoka?"

Alifikiri kama anayetafuta kitu kilicho wazi mno. "Juu we haujue bongo. Tangu uzaliwe hujanidanganya. Nilikuangalia mu macho, nikaona unanidanganya, tena na jina ya yaya yako. Nikasema, kama huyu amefika pa kusema hivi, mulima unakuya kweli."

Nilikuwa nimeamini kwamba nilimtoa kwa ahadi ya mwanawe. Hakutoka kwa ahadi yoyote. Alitoka kwa sababu ya miaka yote ishirini na minne ambayo sikuwa nimemwambia uongo, nami nilikuwa nimekaa mbele yake nikianza kuitapanya, pamoja na kumbukumbu ya kaka yangu.

"Na kisha ulinyamaza," nilisema.

"Ningesema nini mbele ya baba yako mudogo? Kwamba yaya amekufa tangu zamani? Angesema we ni mulozi, unaita bafu, bale bamekufa." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nilikukataza kwenda. We haukusikia."

Niliweka kichwa changu juu ya magoti yake, mtu mzima mwenye ndevu, nikamwambia ukweli wote: kitanda, homa, mwanamume mwenye jicho moja, majani niliyoyang'oa. Aliuliza maswali madogo. Kama udongo wa kule ni mweusi. Kama kuna kivuli. Kama kuna mtu aliyeomba. Nilijibu niliyoyajua, na nisiyoyajua nilisema sijui.

Kisha alikwenda kuwaita wanawake jirani, wale wale waliomsema, akawaambia ana msiba. Wakauliza wa nani, akawaambia. Walikuja wakakaa chini mmoja mmoja, na jioni hiyo mama yangu alimlilia mtoto wake kwa sauti kwa mara ya kwanza.